Dakika Ishirini za Kiingereza

Nilipewa dakika ishirini za kuzungumza Kiingereza mbele ya watu thelathini, na Kiingereza nilichokuwa nacho kilitosha dakika tatu. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na halikuwa la mtu mwingine. Lilikuwa langu.

Mimi ni fundi wa maabara ya maji katika idara ya uhandisi. Shule niliiaga nikiwa na miaka kumi na tatu, na haikunililia. Kazi yangu ni kutunza pampu, mabomba na vipimo, na kila asubuhi kabla ya saa moja, kabla pampu za chuo hazijawashwa, napita kwenye visima kumi na viwili vya uchunguzi. Si visima vya kuchota maji. Ni mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini, yana vifuniko vya chuma na kufuli. Nafungua, nateremsha utepe wa kupimia wenye chuma mwishoni, na chuma kikigusa maji gurudumu la utepe linapiga mlio. Nasoma sentimita kwenye alama ya rangi nyekundu mdomoni mwa bomba. Nateremsha mara ya pili kuhakikisha. Naandika kwenye daftari: saa, hali ya hewa, kina cha maji. Basi. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na moja, madaftari kumi na manne.

Sikujua kuwa madaftari hayo ni mali hadi mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu alipokuja kuyaomba. Huyo tulimwita Kipaza, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo mno, ukitaka kumsikia lazima uzime feni. Aliingiza namba zote kwenye kompyuta, akachora mistari, na mistari ikaonyesha kuwa maji ya chini ya ardhi yanashuka, kidogo kidogo, na kwamba baada ya kila kiangazi kikali hayarudi pale yalipokuwa. Sura nzima ya tasnifu yake ilisimama juu ya namba zangu. Kisha wakajitokeza wataalamu wa nje waliokuwa wanakusanya kumbukumbu za namna hiyo kutoka sehemu nyingi ili waziunganishe kuwa utafiti mmoja. Wakapelekewa faili. Wakasema wanakuja Alhamisi fulani kusikia na kuuliza, halafu wataamua: kumbukumbu zetu ziingie, au zikae stoo na wao waanze upya na vifaa vyao.

Sasa, semina yetu ya Alhamisi ina kanuni moja ambayo haivunjwi: aliyepima ndiye anayesimama. Ilianza zamani, baada ya mhadhiri mmoja kuonyesha vipimo vya mwanafunzi wake, akaulizwa chombo kilisimamishwa wapi, akabaki anatazama dari. Tangu hapo ukitaka kuonyesha namba, anasimama yule ambaye mkono wake uliziandika. Mkuu wa Idara aliniita ofisini akaniambia kwa upole kuwa mkono ulioandika ni wangu.

Nilimwomba niseme Kiswahili, Kipaza atafsiri. Akanijibu kuwa inawezekana, ila dakika ishirini zitakuwa kumi, maana kila jambo litasemwa mara mbili. Tena, akasema, wageni watakuwa wanasikia mdomo wa mtu ambaye masomo yake yanategemea namba hizo hizo. Nilimwelewa. Nikatoka ofisini kwake miguu ikiwa mizito kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Mtunza stoo, rafiki yangu wa siku nyingi na mchokozi wa kudumu, alipopata habari alianza kusimama wima kila nikipita. Ananipigia saluti. Ananiita Profesa wa Kamba. Ananiuliza kama profesa anahitaji nyundo ya Kiingereza au hii ya kawaida itamfaa. Nilimwambia siku moja nitamnyamazisha kwa nyundo yoyote itakayokuwa karibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubwa na nililifanya kwa bidii. Nilimwomba Kipaza aniandikie hotuba nzima, neno kwa neno, nami nikaikariri. Ilikuwa kurasa sita. Niliikariri nikitembea visimani, nikifunga nati, nikinyolewa. Baada ya wiki mbili naimwaga yote kama maji ya ndoo. Nikaona nimeshamaliza kazi.

Kipaza akanipeleka chumba cha semina asubuhi moja, kitupu, viti vimepangwa, projekta imewashwa. Akakaa safu ya nyuma akaniambia nianze. Nikaanza, naenda kasi, sipumui. Nilipofika ukurasa wa pili akanyoosha mkono akauliza swali dogo tu, kisima namba tano kiko upande gani. Nikamjibu. Nikataka kuendelea. Sikujua pa kuendelea. Maneno yote yalikuwa mnyororo mmoja, na pete moja ilikuwa imekatika. Ikabidi nirudi mwanzo kabisa, salamu, jina la idara, yote. Akaniacha nimalize. Nilitumia dakika tisa badala ya ishirini.

Aliniambia, kwa sauti yake ile ya chini, kitu ambacho sijakisahau. Alisema na yeye alifanya hivyo hivyo, alipokwenda kusoma nje mara ya kwanza. Alikariri kurasa nane. Mtu wa mbele akapiga chafya, yeye akasahau, akasimama dakika nzima bila neno, kisha akaomba radhi akakaa. Semina nzima ya kwanza ya maisha yake ilikuwa utangulizi na chafya. Alisema: "Mjomba, usikariri maneno. Maneno yatakukimbia. Unayajua maji. Simulia maji."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na ilichukua asubuhi kumi na tisa, kuanzia nikitoka visimani saa moja hadi vipindi vinapoanza. Aliniketisha kwanza nimweleze kila picha ya kuonyeshwa kwenye projekta kwa Kiswahili, kama ninavyomweleza mtu wa bomba. Kisha akanionyesha kuwa katika kurasa zile sita kulikuwa na maneno mia moja na kumi na mawili ambayo sikuwa nayo. Tukayaweka mezani kama samaki, tukachambua. Neno ambalo nikilitamka linanitoa jasho na lina mdogo wake, tulimchukua mdogo. Badala ya neno refu la kusema maji yalipungua, nikasema maji yalikwenda chini. Yalibaki kumi na manne tu, yale ambayo mtaalamu wa maji lazima ayasikie, kwa sababu hayana mbadala. Lile la tabaka la ardhi linaloshika maji. Lile la maji ya mvua kuzama na kurudi chini. Lile la kiwango kushuka pampu ikiwashwa. Vitu vyenyewe nilikuwa navijua miaka na miaka, nimevishika kwa mkono. Ni majina yake tu ambayo hatukuwahi kutambulishwa.

Kutamka kulinitesa kuliko maana. Sisi katika Kiswahili tunajua pa kukanyagia: silabi ya pili kutoka mwisho, neno lolote, mchana na usiku. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno hili linakanyagwa mwanzo, ndugu yake anakanyagwa katikati. Kipaza aliniandikia yale kumi na manne kwa herufi zetu, kama yanavyosikika, na pale pa kukanyagia akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Nilibandika karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Akanirekodi kwa simu, akanipa nijisikilize. Nilidhani simu imeharibika. Nilisikika kama mtu anayegombana na mlango.

Nyumbani nilimsomea mke wangu. Yeye Kiingereza chake ni kama changu, hakuna wa kumcheka mwenzake. Alikuwa anapiga pasi, mimi nimesimama mbele ya kabati na utepe wangu wa kupimia mkononi. Nilipomaliza alisema hajui nimesema nini, lakini anajua niliposema uongo.

"Uongo upi tena, mama watoto?"

"Sijui. Hapo kati umeanza kukimbia, na hukunitazama. Ukinidanganya huwa hivyo hivyo."

Nilicheka. Nikamwambia hapo kati pana neno gumu tu. Yeye akageuza shati akaendelea na pasi, na mimi nikaenda kulala.

Kwa upande wa hofu, Kipaza hakuniambia nisiogope. Namshukuru kwa hilo, maana ushauri huo haujawahi kumsaidia mtu. Aliniambia hofu itakuja, itakaa dakika mbili za mwanzo, kwa hiyo sentensi mbili za mwanzo ndizo pekee nizijue kwa moyo, hata nikiamshwa usingizini. Baada ya hapo kila picha nina kadi yake, na kadi ina maneno matatu tu. Nisimame miguu yote miwili chini. Nikifika mwisho wa sentensi nifunge mdomo, nihesabu mbili, ndipo nifungue. Alisema kimya ambacho mimi nakiona kirefu kama mwaka, wasikilizaji wanakiona kama heshima. Nichukue utepe mkononi, ili mikono iwe na kazi inayoijua. Na glasi ya maji iwe karibu, kwa sababu mtu anayekunywa maji hakuna anayemuuliza kwa nini amenyamaza.

Kwa maswali alinipa sentensi tatu. Ya kwanza: tafadhali sema tena, polepole. Ya pili: una maana hii au ile? Ya tatu: sijui. Akanionya juu ya jambo moja kuliko yote. Alisema watu wa kwetu tukiulizwa na mgeni kitu ambacho hatukukielewa, tunasema ndiyo. Tunatabasamu, tunasema ndiyo, ahsante, ili lipite. Alisema amewaona watu wazima wenye shahada tatu wakikubali mambo ambayo hawakuyasikia. "Ukisema ndiyo, Mjomba, uwe unajua umekubali nini." Nikamwambia mimi si mtoto.

Mara ya mwisho ya mazoezi nilitumia dakika kumi na tisa na nusu. Kipaza alipiga makofi peke yake kule nyuma. Hata makofi yake yalikuwa ya sauti ya chini.

Alhamisi yenyewe chumba kilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Mtunza stoo alikuja amevaa shati la mikono mirefu, jambo ambalo nilikuwa sijaliona tangu arusi yake. Mbele waliketi wageni wanne. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa fupi, kompyuta imefunguliwa mapajani. Mkuu wa Idara akanitambulisha. Alisema mimi ndiye mtu ambaye kwa miaka kumi na moja amewahi maji kabla ya pampu. Watu wakacheka kidogo, kwa wema. Mimi nilikuwa nasikia damu masikioni, na ulimi umekauka kama msasa.

Nilisema sentensi yangu ya kwanza. Nikafunga mdomo, nikahesabu mbili. Nikasema ya pili. Kisha nikateremsha utepe kutoka ukingo wa meza hadi kwenye ndoo ya maji niliyoiweka sakafuni, gurudumu likalia, na nikasema kwa Kiingereza: huu ndio mlio wa kazi yangu. Hilo halikuwa kwenye kadi. Lilitoka lenyewe. Wageni wakainua vichwa, na kuanzia hapo nikaacha kuhesabu watu.

Sitasema nilikwenda vizuri kote. Neno la tabaka la ardhi nililikanyaga mahali pabaya mara mbili, na mara ya tatu nikaliacha nikaonyesha kwa kidole kwenye picha. Picha ya saba ilikuja kabla ya ya sita, nikasema tu: hapana, kwanza hii, na Kipaza, aliyekuwa kwenye kompyuta, akairudisha. Hakuna aliyekufa. Nilieleza kwa nini napima kabla ya pampu, kwa sababu pampu ikiwashwa maji ya karibu yanashuka na utapima pampu, hutapima ardhi. Nilieleza utepe wa zamani uliovutika mwaka wa saba, na jinsi nilivyotumia utepe wa zamani na mpya pamoja wiki sita, kila kisima mara mbili, nikaandika tofauti yake pembeni bila kufuta namba ya zamani. Nikamaliza. Dakika ishirini na moja. Watu wakapiga makofi, na mtunza stoo alipiga kwa nguvu mpaka nikaona aibu.

Yule mama wa mvi akauliza swali la kwanza. Aliuliza refu, kwa kasi, kwa Kiingereza kilichokuwa kinatokea puani, na katikati akageukia mwenzake kidogo, kisha akanigeukia mimi. Nilishika neno namba. Nilishika neno macho. Mengine yalipita kama gari.

Akanisubiri.

Nikatabasamu. Nikasema, ndiyo. Ndiyo, ahsante.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaandika kitu. Mkuu wa Idara akatazama saa akauliza kama kuna swali jingine. Lilikuwa limepita. Ningeweza kunywa maji yangu nikakaa.

Nikamtazama Kipaza. Hakunifanyia ishara yoyote. Alikuwa ananitazama tu, macho yametulia, na nikajua anajua kuwa sikuelewa. Alikuwa ameniambia neno hilo hilo, nami nikamjibu kuwa si mtoto. Asubuhi kumi na tisa alikuja kabla ya wenzake kuamka, kwa ajili ya mtu asiye baba yake wala mjomba wake wa kweli, na mimi nimefanya lile moja alilonikataza.

Nikasema kwa Kiingereza, na hapa naandika kama nilivyosema: "Samahani. Nilisema ndiyo. Sikuelewa swali. Tafadhali sema tena, polepole."

Kulikuwa na kicheko cha mtu mmoja mlangoni, kikakatika. Yule mama hakucheka. Alifunga kompyuta yake nusu, akainama mbele, akaliuliza tena, neno moja moja, kama mtu anayepanga vikombe: "Kila namba iliyo katika jedwali hili, uliisoma wewe kwenye kifaa, kwa macho yako mwenyewe?"

Safari hii nililielewa lote. Na jibu lilikuwa hapana.

Mwaka wa nne baba yangu alifariki. Niliondoka siku ile ile, sikumpa mtu ufunguo wa visima wala sikumwomba mtu anisaidie, akili haikuwa yangu. Nilikaa siku tisa. Niliporudi nikakuta kurasa tisa tupu. Mimi ni mtu ambaye kurasa tupu zilimpatia viboko vingi utotoni. Nilikaa kwenye benchi la maabara nikazijaza. Ulikuwa msimu wa kiangazi, nilijua maji yanashuka, basi nikayashusha. Kisima hiki sentimita moja kwa siku, na kile sentimita moja kwa siku, vyote kumi na viwili. Sikumwambia mtu. Baada ya hapo nikajiapiza, na siku nilizougua au kusafiri niliziacha tupu. Lakini zile tisa zilibaki, na Kipaza aliziingiza kwenye kompyuta pamoja na nyingine, akiniamini. Pale kati nilipokimbia mbele ya mke wangu ndipo palikuwa na mwaka huo wa nne.

Kama swali hilo ningeulizwa kwa Kiswahili, najijua. Ningezunguka. Ningeanza na hali ya hewa ya mwaka ule, nikapita kwenye upungufu wa wafanyakazi, nikagusa msiba kidogo ili watu wanionee huruma, na ningefika mwisho bila kusema hapana wala ndiyo. Kiswahili changu kina vyumba vingi vya kujifichia. Kiingereza changu kilikuwa na chumba kimoja, na mlango uko wazi. Nilitafuta maneno na niliyopata yalikuwa mafupi yote.

Nikasema: "Hapana. Siku tisa, mwaka wa nne, sikuwapo. Baba yangu alikufa. Nilirudi, nikaandika namba. Namba hizo si za kweli."

Nilimwona Mkuu wa Idara akiondoa miwani. Kipaza nilishindwa kumtazama.

Yule mama akafungua kompyuta yake yote, akaigeuza kunielekea. Kwenye kioo kulikuwa na kipande kidogo cha mistari yangu, kimekuzwa. Mistari kumi na miwili inapanda na kushuka kama mistari ya kweli inavyofanya, halafu ghafla yote imenyooka, sambamba, kama imepigwa kwa rula, siku tisa, halafu inaanza tena kutetemeka. Alikuwa ameiona wiki mbili kabla hajaja. Alisema polepole, ili nielewe, kwamba ardhi haishushi maji kwa rula. Alisema alikuja kuuliza swali hilo moja, na kwamba aliposikia ndiyo alikuwa ameandika kwenye karatasi yake waache kumbukumbu zote. Akanionyesha karatasi. Kisha akapiga mstari juu ya alichoandika.

Akauliza kama kuna siku nyingine. Nikamwambia hakuna; siku thelathini na moja nyingine ni tupu, na tupu ni tupu. Akauliza atajuaje. Nikamwambia, njoo uone. Tulikwenda maabara, wageni wote wanne, Mkuu, na mimi mbele na funguo. Niliweka madaftari kumi na manne juu ya benchi. Yana matope, yana alama za chai, ukurasa mmoja una nyayo za paka. Akafungua popote alipotaka, akalinganisha na faili. Alikaa saa mbili. Wiki zile sita za tepe mbili alizipitia namba kwa namba, mimi namwonyesha kwa kidole, na maneno niliyokosa niliyafanya kwa mikono, na aliyokosa yeye aliyachora. Mwishoni alinipa mkono, akasema kumbukumbu zinaingia, bila mwezi ule wa msiba.

Nilipotoka nilimkuta Kipaza amekaa kwenye ngazi za nje, mkoba miguuni. Nilikaa ngazi ya chini yake.

Yeye ndiye aliyeanza. "Ungeniambia, Mjomba."

"Ningekuambia."

"Asubuhi kumi na tisa tumekaa wote."

Nikamwambia sina la kujitetea, na kwamba yale niliyomfanyia siwezi kuyaita kwa jina dogo. Akachukua kijiti akachora kwenye vumbi, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya sura yake, sehemu ipi inavunjwa, sehemu ipi inabaki. Kisha akafuta kwa kiatu.

"Ile sentensi ya mwisho," akasema, "uliitamka vizuri kuliko zote. Hukukosea pa kukanyaga hata mara moja."

Nilicheka, na nikiwa nacheka machozi yakanitoka, mzee mzima kwenye ngazi za watu, na yeye akatazama pembeni ili anipe nafasi. Mtu yule angeweza kunitukana na ningemwitikia. Nimesema asante kwa watu wengi maishani, kwa Mkuu aliyenisimamisha, kwa mke aliyesikia uongo wangu katika lugha asiyoijua, kwa yule mama wa mvi aliyekubali kurudia swali wakati alikuwa tayari amepata jibu la kunimaliza. Lakini huyu wa sauti ndogo ndiye aliyenipa ile sentensi ya kuomba tena, na bila hiyo ningeondoka mle chumbani napigiwa makofi na nimekwisha.

Gharama yake ni hii. Namba mia moja na nane zilifutwa, siku tisa mara visima kumi na viwili, na mwezi wote uliozizunguka ukawekwa alama ya shaka. Mimi nilipata barua moja ya onyo, iko kwenye faili langu, na ni halali. Kipaza alirudia hesabu za sura nzima na tasnifu yake ikachelewa miezi minne.